Sindano Ikisema 65: Kasi Nne za Ndege Moja

Ni saa tisa alasiri katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Mwanafunzi aliyeanza urubani Mombasa anakuja kutua hapa kwa mara ya kwanza, mwalimu wake akiwa kando yake ndani ya Cessna 172. Anafanya kila kitu kama alivyozoea. Flapu ziko chini, pua inatazama mwanzo wa njia ya kurukia, na sindano ya kasi inasoma noti 65. Lakini mabati ya nyumba yanapita chini yake kwa haraka ambayo hajawahi kuiona Pwani. Macho yanamwambia kwamba anakwenda mbio mno. Mkono unaanza kupunguza gesi, pua inainuka kidogo, na sindano inashuka: 63, 61, 59.

“Irudishe sindano kwenye 65,” mwalimu anasema. “Hapa ni Nairobi.”

Macho ya mwanafunzi hayakumdanganya, kwa maana ardhi ilikuwa inapita haraka zaidi kweli. Sindano nayo haikukosea. Kila kimoja kilikuwa kinasema habari ya kasi nyingine, na kosa lilikuwa kutumia jibu la kimoja kwa swali la kingine. Ndege moja, katika sekunde moja, ina kasi nne: kasi ionyeshwayo, kasi iliyosahihishwa, kasi halisi na kasi ya ardhini. Anayezijua anajua pia ni wakati gani wa kusikiliza ipi.

Kwanza neno “noti”. Ni kipimo cha mabaharia, na kwa Kiingereza maana yake ni fundo. Zamani baharia alitupa majini kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo, akahesabu mafundo yaliyopita mkononi mwake kwa muda uliowekwa. Leo noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa. Noti 65 ni karibu kilomita 120 kwa saa.

Kinachopimwa ni msukumo wa hewa

Gari hujua kasi yake kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Ndege ikiwa angani haigusi chochote ila hewa, kwa hiyo hewa ndiyo inayopimwa. Chini ya bawa la kushoto la Cessna kuna mrija mdogo unaotazama mbele, uitwao mrija wa pito. Jina limetokana na Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alitumia mrija wa namna hiyo kupima mwendo wa maji ya mto Seine, Paris. Ubavuni mwa ndege kuna tundu dogo jingine, ambalo halikabili upepo. Hilo huchukua shinikizo la hewa iliyotulia nje.

Ndani ya kipimo cha kasi mna kidonge cha bati jembamba chenye uwazi ndani. Hewa ya mrija huingia ndani ya kidonge, na hewa ya tundu la ubavuni hukizunguka kwa nje. Ndege ikienda, hewa hujisukuma mrijani, kidonge huvimba, na uvimbe huo ndio unaozungusha sindano. Nguvu yenyewe ni ndogo mno. Kwenye noti 65, tofauti kati ya shinikizo hizo mbili ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha sentimita 7 tu.

Msukumo huo hutegemea vitu viwili: ndege inakwenda mbio kiasi gani, na hewa ni nzito kiasi gani. Hewa nzito kwa kasi ndogo inaweza kusukuma sawasawa na hewa nyepesi kwa kasi kubwa. Kipimo hakiwezi kuzitofautisha. Waliokitengeneza walilazimika kuchagua hewa moja ya kukipimia, wakachagua hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi joto 15, ambayo mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1.225. Nambari inayosomwa kwenye uso wa kipimo, bila kuongeza wala kupunguza kitu, ndiyo kasi ionyeshwayo. Hewa inayoizunguka ndege ikiwa tofauti na ile waliyoichagua, nambari haitalingana na mwendo wa kweli.

Mtu anaweza kuona hii ni kasoro ya kifaa. Rubani anapaswa kuiona kwa jicho jingine, kwa sababu bawa nalo limefungwa na sheria ileile. Bawa halijui kilomita kwa saa. Linabeba ndege kwa msukumo wa hewa uleule ambao mrija unaupima. Hewa ikiwa nyepesi, sindano inapungukiwa na bawa linapungukiwa kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo ndege yenye uzito uleule, inayokwenda bila kulala upande, huishiwa nguvu ya kubebwa kwenye nambari ileile ya sindano, iwe juu ya fukwe za Diani au juu ya Nyanda za Juu za Kenya. Hali hiyo ya bawa kuacha kubeba ndiyo marubani huita stoli, na ukanda mweupe na wa kijani kwenye uso wa kipimo umechorwa kuionya. Mwanzo wa ukanda mweupe ni stoli flapu zikiwa chini kabisa, na mwanzo wa kijani ni stoli flapu zikiwa zimepandishwa, ndege ikiwa na uzito wake wa juu unaoruhusiwa.

Ndiyo maana kasi za kuondoka, kupanda, kukaribia na kutua huandikwa kwa kasi ya sindano. Mwanafunzi wa Wilson hakuhitaji kubadili 65 yake hata kwa noti moja.

Kuisahihisha sindano

Mrija na tundu vimefungwa mahali fulani kwenye ndege, na hewa haipiti kila mahali kwa usawa. Ndege ikienda polepole huinua pua, na mrija uliokuwa ukitazama upepo moja kwa moja sasa unaupokea kwa upande. Flapu zikishuka, hewa inayopita ubavuni hubadilika, na tundu nalo husoma tofauti. Makosa haya yanajulikana. Mtengenezaji huyapima kwa safari za majaribio, kisha huyaandika kwenye jedwali katika kitabu cha ndege. Ukishatoa kosa hilo unapata kasi iliyosahihishwa.

Kwa Cessna 172 ya aina ya S, jedwali linaonyesha kwamba karibu na noti 70 nambari hizo mbili zinakubaliana. Kwenye 100 ya sindano, iliyosahihishwa ni kama 97. Kosa kubwa liko chini, kwenye mwendo wa polepole. Ndege hiyo ikiwa na flapu zote na uzito wa juu, sindano inasoma 40 pale bawa linapoacha kubeba, ilhali kasi iliyosahihishwa ni 48.

Hizo noti 8 zina hatari yake. Kuna desturi ya kukaribia kutua kwa kasi inayozidi stoli kwa asilimia 30. Mwanafunzi mwenye haraka atachukua 40 ya sindano, azidishe kwa 1.3, apate 52, na aamini kwamba ana akiba ya kutosha. Hesabu sahihi huanza na 48. Ukiizidisha kwa 1.3 unapata kama 62 iliyosahihishwa, na ukiirudisha kwenye sindano kwa jedwali unapata karibu 60. Kitabu cha ndege hiyo kwa kutua kwenye njia fupi kinasema 61. Aliyeruka na 52 amepoteza sehemu kubwa ya akiba yake bila kujua, kwa sababu alizidisha nambari ambayo tayari ilikuwa na kosa ndani yake.

Baada ya hapo kasi iliyosahihishwa haina mengi ya kumdai mwanafunzi. Ni daraja la kuvukia. Huwezi kufikia kasi halisi bila kupita kwake, na katika ndege ndogo kwenye mwendo wa safari daraja hilo ni fupi, noti 2 au 3 tu.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Kasi halisi ni mwendo wa ndege ndani ya hewa yenyewe. Ili kuipata, unaondoa lile kosa la kuchukulia kwamba hewa yote ni ya usawa wa bahari.

Uwanja wa Mombasa uko kama futi 200 juu ya bahari. Wilson uko kama futi 5,500. Alasiri ya nyuzi joto 26 pale Wilson, mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa karibu kilo 0.97, badala ya ile 1.225 iliyotumika kukipima kifaa. Wanahewa wana njia nzuri ya kulieleza jambo hili: wanasema hewa hiyo ni sawa na ile ambayo kwa kawaida ingekuwa kwenye futi karibu 7,900. Joto peke yake limeupandisha uwanja futi zaidi ya 2,000.

Sasa turudi kwenye 65 yetu, tukiliacha kando lile sahihisho dogo la jedwali. Mombasa, siku ya nyuzi joto 30, ndege inayoonyesha 65 inapita hewani kwa kasi halisi ya karibu noti 67. Wilson, alasiri ile, 65 hiyohiyo ni karibu noti 73 halisi. Kama hakuna upepo, ardhi nayo inapita kwa noti 73. Hizo noti 6 za ziada, mita 3 zaidi katika kila sekunde, ndizo mwanafunzi aliziona kwenye mabati.

Tuseme mwalimu angenyamaza, na mwanafunzi akaendelea kupunguza mpaka ardhi ipite kama alivyozoea Mombasa. Angefika huko sindano ikiwa 59 au 60. Kwenye mstari ulionyooka huenda angetua salama. Lakini kama angekuwa bado anakata kona kuelekea njia ya kurukia, ndege ikiwa imelala nyuzi 45, kasi ya stoli ingekuwa imepanda kwa asilimia 19. Akiba ingekuwa imeliwa pande mbili kwa wakati mmoja, na ardhi iko karibu.

Kasi halisi humdai kwa njia nyingine baada ya kugusa chini. Breki haziujui msukumo wa hewa. Zinapambana na mwendo juu ya lami. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ndege inayogusa kwa noti 73 ina karibu asilimia 19 zaidi ya kusimamishwa kuliko inayogusa kwa 67. Rubani anayetua nyanda za juu anaweka sindano palepale, kisha anajipangia njia ndefu zaidi ya kusimama. Hayo ni mambo mawili, na hayapaswi kuchanganywa.

Kwa hesabu ya kichwani marubani hutumia kanuni fupi: ongeza asilimia 2 kwa kila futi 1,000 za kimo. Ni makadirio. Alasiri yenye joto kali pale Wilson kanuni hiyo inatoa pungufu kidogo, asilimia 11 badala ya karibu 13. Asubuhi yenye baridi inakaribia sana ukweli. Kwa kupanga safari, tumia kikokotoo cha rubani ukiweka kimo na joto la nje. Ndege zenye kioo badala ya sindano hukuandikia jibu tayari pembeni mwa kioo, mbele ya herufi `TAS`.

Mto wa hewa

Mvuvi wa Lamu anayepiga kasia dhidi ya mkondo anaijua kasi ya nne bila kufundishwa. Mashua yake inayakata maji kwa nguvu ileile, lakini mikoko ya ufukweni inapita taratibu. Akigeuka kurudi na mkondo, mikoko inakimbia. Kasi halisi ya ndege ni mashua na maji. Kasi ya ardhini ni mashua na mikoko. Upepo ukivuma usoni unatoa, ukivuma mgongoni unaongeza, na ukija kwa upande ni sehemu yake tu inayohesabika, huku iliyobaki ikikusukuma nje ya njia.

Tumpeleke basi mwanafunzi wetu kutoka Wilson hadi Mombasa, karibu maili 230 za baharini, tukiacha muda wa kupanda na kushuka. Ni majira ya kusi. Anaruka kwenye futi 9,500, joto la nje ni nyuzi 10, na sindano inasoma 98. Jedwali linasahihisha kuwa 95. Kwa asilimia 2 kwa kila futi 1,000 anaongeza 19 kwa mia, anapata noti 113 halisi. Kusi inavuma usoni kwa noti 18. Inabaki 95 juu ya ardhi. Maili 230 kwa noti 95 ni saa 2 na dakika 25.

Mwenzake asiyejali hesabu anachukua 98 ya sindano kama ilivyo na kugawanya. Anapata saa 2 na dakika 21. Wanatofautiana kwa dakika 4 tu, na huyu wa pili anafika Mombasa akiamini kwamba njia yake ya mkato inafanya kazi. Kilichotokea ni kwamba makosa mawili yamefutana. Alisahau noti 15 ambazo wepesi wa hewa ulimwongezea baada ya kutoa sahihisho la jedwali, akasahau na 18 ambazo kusi ilimnyang’anya.

Kesho yake anarudi, kwenye futi 8,500, sindano 98 ileile. Kasi halisi ni kama 111, na kusi sasa iko mgongoni: noti 129 juu ya ardhi. Safari ni saa 1 na dakika 47, lakini karatasi yake bado inasema 2 na 21. Akitazama chini kuutafuta mji wa Mtito Andei kwa saa aliyoandika, mji ulikwisha kupita zamani, naye anaanza kudhani amepotea.

Siku nyingine anaelekea tena Mombasa, na kusi imekaza hadi noti 35. Kati ya 113 zinabaki 78, na safari inakuwa karibu saa 2 na dakika 57. Sindano bado inasema 98, kwa sababu upepo wote huo haumo katika kazi yake. Dakika 36 zilizozidi ni kama lita 20 za mafuta ambazo hakuzihesabu.

Kwa hiyo muda na mafuta hupangwa kwa kasi ya ardhini. Hewani unaihakiki kwa alama mbili unazozijua kwenye ramani na saa ya mkononi, au unaisoma kwenye kioo mbele ya herufi `GS`, inayotoka kwenye setilaiti. Usiitumie kamwe kurusha ndege. Setilaiti inaweza kukuandikia 80 upepo ukiwa mgongoni, na bawa likawa limebakiwa na msukumo wa noti 50 tu.

Sindano inapoziba

Yote haya yanategemea mrija ulio wazi. Maji yenye kina cha sentimita 7, tulisema, ndiyo nguvu nzima inayosukuma sindano wakati wa kutua, na tone la udongo wa nyigu linatosha kuizuia. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, mrija mmoja wa pito ukiwa umeziba. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni wadudu. Kipimo cha rubani mkuu kilionyesha kasi ikipanda kadiri ndege ilivyopanda, ilhali kasi yenyewe ilikuwa inapungua hadi bawa likaacha kubeba. Watu wote 189 walikufa.

Dalili yake inaeleweka ukikikumbuka kile kidonge. Mrija ukiziba kabisa pamoja na tundu lake la kutolea maji, hewa iliyonaswa ndani haibadiliki. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua, kidonge kinavimba, na sindano inapanda kana kwamba ni kipimo cha kimo. Ndege ikishuka, sindano inashuka. Likiziba tundu la ubavuni mambo yanageuka: sindano husoma pungufu unapopanda na kuzidisha unaposhuka.

Dawa huanza chini. Kifuniko cha mrija kiwekwe kila ndege inapolala na kiondolewe kabla ya kuruka, na mrija uchunguzwe kwa macho bila kuupuliza, maana pumzi inaweza kukiharibu kidonge. Gesi ikishafunguliwa, rubani huitazama sindano na kusema kwa sauti kwamba kasi iko hai. Isipoamka wakati ndege inakimbia, anafunga gesi na kusimama kungali na lami mbele. Akilijua tatizo angani, anaweka pua na nguvu ya injini kwenye hali alizozikariri, kama vile za kupanda au za kusafiri, kwa kuwa hali hizo huzaa kasi ile ile iliyozoeleka hata sindano ikiwa imekufa.

Mwanafunzi wetu wa Wilson sindano yake ilikuwa hai. Aliirudisha 65, akayaacha mabati yapite kwa haraka yake, na magurudumu yakagusa lami. Ndipo noti 73 zilipoanza kumdai kwenye breki. Ndege ilipunguza mwendo ikiwa imeshapita njia ya kutokea ambayo kwa Mombasa ingemtosha, ikaenda kutokea ile inayofuata.